Barua kwa Mhadhiri: Chuma Kilichotoka Laini

Mwanafunzi wa uhandisi amechoma kipande cha chuma kwenye tanuri, akakizamisha majini, kisha akakipeleka kwenye mashine ya Rockwell kupima ugumu. Kitini cha maabara kinasema atarajie alama 55 hivi kwenye kipimo cha C. Yeye kapata 31. Ripoti inatakiwa Ijumaa, na usiku huo anafungua barua pepe kumwandikia mhadhiri.

Wengi huandika: “Mwalimu, matokeo yetu yamekuja vibaya, tunaomba kurudia.” Mhadhiri hana la kufanya na barua hiyo zaidi ya kuuliza maswali, maana ugumu mdogo una vyanzo vingi na kila kimoja kina dawa yake. Tutazame barua inayomwezesha kujibu mara moja.

“Shikamoo Mwalimu. Jumanne tulipima kipande cha chuma chenye kaboni asilimia 0.45, kipenyo milimita 20, unene milimita 10. Kilikaa tanurini saa moja kwa nyuzi 850 za Selsiasi, kikazamishwa kwenye maji ya kawaida. Vipimo vitano kwenye uso bapa vilitoa 31, 28, 34, 29 na 33. Kabla ya kupima, kipande sanifu cha alama 60 kilisoma 59.7. Tulifuta meza ya mashine na sehemu ya chini ya kipande, tukapima tena, tukapata 32. Uso tuliupiga msasa kidogo tu. Tunashuku ngozi ya juu imepoteza kaboni. Tunaomba ruhusa ya kusaga nusu milimita ya uso na kupima upya kipande hichohicho kabla ya kuchoma kingine. Naomba kuwasilisha.”

Kila sentensi hapo inafunga mlango mmoja. Kipande sanifu ni kile ambacho ugumu wake umethibitishwa. Kikisoma 59.7 badala ya 60, mashine, ncha yake ya almasi na uzito uliowekwa haviwezi kulaumiwa kwa upungufu wa alama 24.

Kuhusu kufuta uchafu, inafaa kujua mashine inavyohesabu. Kwanza ncha hukandamizwa kwa kilo 10 ili ishike uso, kisha mzigo hupandishwa hadi kilo 150, halafu hurudishwa kwenye kilo 10. Kinachosomwa ni kina kilichoongezeka. Alama huanzia 100 kushuka, na kila sehemu mbili za elfu za milimita hula alama moja. Kwa hiyo kipande kikididimia milimita 0.04 kwa sababu ya gamba au mchanga uliobanwa chini yake, alama 20 zimekwenda, na hicho ni chini ya nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Ndiyo maana kufuta meza si usafi wa bure. Hapa kufuta hakukubadilisha kitu, basi kosa limo ndani ya chuma chenyewe.

Ndani ya chuma kuna washukiwa wawili wakubwa. Tanuri la kawaida lina hewa, na kwenye joto hilo oksijeni hula kaboni ya ngozi ya nje, ikiacha pia magamba meusi. Kaboni ikipungua, ngozi haiwi ngumu hata ukiizamisha kwa kasi gani, ingawa kiini chaweza kuwa kigumu ipasavyo. Mshukiwa wa pili ni upoaji: kipande kimechelewa kati ya mlango wa tanuri na ndoo, au kimewekwa majini bila kutikiswa, mvuke ukakizunguka na kuzuia maji yasikiguse.

Kusaga ndiko kunakowatenganisha hao wawili. Alama zikipanda kuelekea 55, ngozi ndiyo iliyoharibika. Zikibaki thelathini na kitu, kiini nacho hakikukomaa, na hapo ndipo kuna haja ya kuchoma kipande kipya. Kukichoma kilekile mara ya pili ni kuizidishia hewa nafasi ya kula kaboni. Kusaga nako kufanywe kwa kumwagia maji, kwani jiwe kavu hupasha uso moto na kuulainisha, halafu mwanafunzi akaulaumu tena uzamishaji.

Kasoro ninayoiona kwenye barua hiyo ni kutotaja muda kati ya tanuri na maji. Mhadhiri makini ataliuliza hilo kwanza. Jambo jingine atakalosisitiza: mashimo mapya yasikaribie ya zamani. Umbali kati ya vitovu vya mashimo uwe angalau mara tatu ya kipenyo cha shimo, kwa sababu chuma kilichokwisha kubonyezwa hukaza pembeni mwake na kupotosha kipimo kinachofuata.

Na vile vipimo vitano vya mwanzo havifutwi hata vipya vikitoka vizuri. Vinaingia kwenye jedwali la ripoti, safu ya “kabla ya kusaga”, kando ya safu ya “baada”, kwa kuwa tofauti ya safu hizo mbili ndiyo inayoonyesha ngozi imepoteza ugumu kiasi gani.