Unaishi Voi? Uza kile ambacho Voi haina

Ukiwa na shilingi 5,000 pale Voi, jiulize kwanza: hapa kwetu kunakosekana nini? Kaunti ya Taita Taveta ni moja, lakini pesa yake haitoki mahali pamoja. Wundanyi ni milimani, kuna baridi na mboga. Taveta wana maji ya chemchemi yanayotoka upande wa Kilimanjaro, ndiyo maana ndizi zinastawi. Voi ni kukavu na kuna joto, lakini kuna watu: barabara kuu ya Mombasa, njia panda ya kwenda Taveta na stesheni ya SGR. Kwa hiyo Wundanyi hulipa mkulima, na Voi humlipa zaidi anayeleta bidhaa.

Tuchukue mfano wa kabichi. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Unanunua kabichi 100 Wundanyi kwa 25 kila moja, jumla 2,500. Gari kupitia Mwatate, pamoja na mzigo, 600. Ushuru wa soko na ada za kutuma pesa, 100. Umetumia 3,200.

Voi unauza kabichi moja kwa 40. Zikiisha zote unapata 4,000, faida 800. Lakini joto la Voi halina huruma. Zikiharibika 10, faida inashuka hadi 400. Zikiharibika 20, umerudisha pesa yako tu, na siku yako umefanya kazi bure.

Basi hesabu yako ni hii: gawanya gharama yote kwa bei ya kuuzia. 3,200 kwa 40 ni 80. Mpaka uuze kabichi ya 80, bado hujapata faida. Ukiona kila safari siku ya tatu bado hujafika hapo, mzigo ni mkubwa kuliko wateja wako. Usipunguze mzigo peke yake, kwa sababu nauli haitapungua sana. Shirikianeni akina mama mboga wawili au watatu, mzigo uwe mmoja na kila mtu achukue sehemu yake. Mwombe mkulima akate asubuhi ya safari, na funika mzigo usipigwe na jua njiani.

Na kama una shamba Voi? Usishindane na mlima kwa kabichi. Ndengu huvumilia ukavu na hukomaa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu. Panda mvua za vuli zinapoanza. Zikikauka vizuri unaweza kuzihifadhi ukisubiri bei, jambo ambalo kabichi haikuruhusu. Ila ukiwa karibu na Tsavo, ndovu wanaweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja, kwa hivyo usiweke mtaji wote huko.

Pesa ya mtaji iweke kando na ya matumizi ya nyumbani. Unapomtumia mkulima pesa, soma jina linalotokea kwenye simu uhakikishe ni lake.