Kola Huanzia Nchani

Muuguzi mmoja alikuja studioni kwangu kupiga picha ya kuweka kwenye wasifu wake wa kazi. Sare yake nyeupe aliipiga pasi usiku, akaikunja vizuri, akaitia mkobani, akapanda daladala. Alipoivaa, kifuani palikuwa na msalaba: mkunjo mmoja unashuka, mwingine unakata kifua, na ncha ya kushoto ya kola imejikunja juu kama jani lililokauka. Aliniambia, "Kaka, si utaitoa kwenye kompyuta?" Nikachomeka pasi kwenye umeme.

Picha ya wasifu huishia katikati ya kifua. Kiuno, mgongo na mikono havionekani, kwa hiyo mwenye haraka anyooshe mabega, ukanda wa vifungo, mfuko wa kifua, na zaidi ya vyote kola. Nililoza sare kidogo kwa maji. Unyevu hulegeza nyuzi za pamba, na pasi inapoukausha, nyuzi hukaa vile ulivyozilaza. Kukandamiza pasi kavu kwenye pamba kavu ni kujichosha bure.

Kabla ya hapo nilisoma lebo ya ndani. Sare nyingi za kazi ni pamba iliyochanganywa na poliesta, na lebo yake huwa na pasi yenye nukta mbili, yaani joto la wastani. Nukta tatu, joto kali, ni za pamba tupu. Poliesta ikizidishiwa joto hulainika na kubaki na mng'ao usiotoka hata ukifua, na kwenye sare nyeusi au ya bluu kamera huuona kama doa. Ndiyo maana sare za rangi nzito nazipiga kwa ndani, au naweka kitambaa chepesi cha pamba juu yake.

Kwenye kola ndiko wengi wanakokosea. Ifungue yote ilale bapa, anza upande wa chini, ule usioonekana ukiivaa. Weka pasi nchani, isukume kuelekea katikati, kisha rudia kutoka ncha ya pili. Ukianzia katikati, kitambaa kinachosukumwa hakina pa kwenda, kinajikusanya nchani na kufanya kikunyanzi mahali ambapo jicho litatua. Geuza, fanya vivyo hivyo upande wa juu. Kisha ikunje kwa vidole kwenye mstari wake, uitundike sare kwa dakika tano hadi kumi ipoe. Nguo ikivaliwa ingali na joto hushika mikunjo mipya upesi, na kazi yote hurudi nyuma.

Yule dada alivaa, na bado kola ilipanda upande mmoja. Sasa kosa halikuwa la pasi. Bega lake la kushoto, la mkoba, lilikuwa juu kuliko la kulia, tena sare ilikuwa pana shingoni. Nilimwomba ashushe pumzi na mabega pamoja, nikaivuta sare chini kwa nyuma, nikabana kitambaa kilichozidi mgongoni kwa vibanio viwili vya nguo. Chini ya ncha iliyokaidi nikaweka kipande kidogo cha utepe wa gundi wa pande mbili. Beji tuliibandika mwisho kabisa, maana uzito wake huvuta kitambaa na kuzaa mikunjo.

Ikabaki mikunjo midogo, na hiyo ni kazi ya mwanga. Kinachoonekana kwenye picha ni kivuli cha mkunjo. Mwanga ukitoka ubavuni, kila kitone cha kitambaa hutupa kivuli. Ukitoka mbele, vivuli hupungua. Nilimgeuza alitazame dirisha, mimi nikasimama kati yake na dirisha, kando kidogo nisimzibie mwanga. Nusu ya mikunjo ikafifia bila kuguswa.

Kompyuta ilipata kazi mbili tu. Kwenye GIMP nilinakili picha juu ya ile ya asili, nikachukua `Heal`, nikabonyeza `Ctrl` na kubofya kitambaa safi kilicho jirani, kisha nikapita juu ya mkunjo wa begani kwa brashi pana kidogo tu kuliko mkunjo wenyewe. Brashi kubwa hufuta mfumo wa nyuzi, na sare huonekana kama plastiki. Ncha ya kola niliishusha kwa `Warp Transform` ikiwa kwenye `Move pixels`, kidogo kidogo, mbali na taya, kwa sababu chombo hicho huvuta kila kilicho ndani ya duara lake, na uso ukipinda mtu atajulikana kwa shida.

Mwisho niliipunguza picha hadi upana wa milimita 35, ukubwa itakaoonekana nao kwenye karatasi. Mkunjo wa begani niliouhangaikia usingeonekana hata ningeuacha. Kola ilionekana, ncha zote mbili zikiwa usawa mmoja chini ya kidevu.