Mafuta ya mgando yanaweza nini kwenye magaga?

Kopo la mafuta ya mgando halikosekani katika nyumba nyingi za kwetu. Mtoto akitoka kuoga anapakwa, midomo ikikauka inapakwa, na msimu wa upepo ukianza ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya ngozi kupauka. Hata hivyo wapo wanaolalamika kwamba wanapaka asubuhi, saa sita viwiko vimeshakuwa vyeupe, na magaga ya visiginoni hayaondoki mwaka mzima. Mafuta yenyewe hayana kosa. Shida ni wakati wa kuyapaka, na kwa upande wa visigino ni kuyapa kazi ambayo peke yake hayaiwezi.

Ndani ya mafuta ya mgando hakuna tone la maji. Yanatokana na mafuta ya petroli yanayochimbwa ardhini, kisha yakasafishwa sana. Mwaka 1859 mkemia Robert Chesebrough aliwakuta wafanyakazi wa visima vya Titusville, Pennsylvania, wakijipaka kwenye majeraha utando mzito uliokuwa ukiganda kwenye mitambo. Akausafisha, na mwaka 1872 akapewa hataza. Tangu hapo kazi yake haijabadilika: kuzuia maji yaliyomo ngozini yasipotee hewani, na katika hilo ni vigumu kupata kitu cha kawaida kinachoyashinda. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba yanakaa juu ya ngozi tu. Watafiti walionyesha mwaka 1992 kwamba yanapenya pia kwenye nafasi za tabaka la juu, na kwamba ngozi inaendelea kujijenga upya huku imepakwa.

Kwa hiyo yachukulie kama kifuniko cha sufuria. Kifuniko hakiongezi maji, kinalinda yaliyomo. Anayepaka mchana kwenye kiwiko kilichokwisha kukauka anafunika ukavu. Atapata mng'ao wa saa chache, basi. Anayepaka akiwa ametoka bafuni, ngozi ingali na unyevu, anayafungia ndani maji iliyoyanywa wakati wa kuoga. Kopo ni lile lile, matokeo ni mbali kabisa.

Kwa viwiko na magoti hilo linatosha kwa watu wengi. Ngozi ya sehemu hizi hukauka upesi na inasuguliwa kila siku: mtu anaegemea meza, anapiga deki kwa magoti, anasali. Oga kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa ya moto sana yanaondoa mafuta ya asili, na sabuni isikae muda mrefu. Jifute kwa kugusagusa na taulo, usisugue, halafu paka ndani ya dakika tatu hivi. Kiasi cha punje ya harage kinatosha viwiko viwili. Ukipaka zaidi utaishia kuyafuta kwenye nguo. Rudia kabla ya kulala, na ndani ya wiki moja au mbili ule weupe wa kupauka unapaswa kuwa umepungua. Weusi uliotokana na msuguano ni jambo jingine. Mafuta hayang'arishi ngozi, na kuusugua kwa dodoki gumu kunauzidisha.

Visigino vina habari yake. Nyayo hazina kabisa vile vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya ngozi, na ngozi yake ni nene kuliko ya sehemu nyingine. Tunaposimama, nyama laini ya kisigino inabonyea na kutanuka pembeni. Ngozi laini inavutika nayo. Ngozi iliyokomaa na kukauka ukingoni haivutiki, kwa hiyo inapasuka. Ndala na kandambili zinaongeza tatizo kwa sababu zimeachwa wazi nyuma, hakuna kinachokizuia kisigino kutanuka.

Nina shangazi anayeuza mboga Dodoma, mahali ambapo hewa ni kavu na upepo wa kipupwe hauna huruma. Anasimama kutwa nzima na kandambili kwenye vumbi. Alikuwa akipaka mafuta ya mgando kila asubuhi kabla ya kutoka, na nyufa zikawa zinashika nyuzi za shuka usiku. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote kwake: vumbi linanata kwenye mafuta, na kabla jua halijapanda yote yamebaki kwenye kandambili.

Kilichomsaidia ni kuhamishia kazi usiku. Analoweka miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, kisha anasugua ukingo wa kisigino taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, akiondoa kidogo tu kila mara. Wembe ameuacha, kwani unakata hadi kwenye ngozi hai na ngozi inayoota baadaye inakuwa nene tena. Anakausha, hasa katikati ya vidole, anapaka krimu yenye yurea, halafu juu yake mafuta ya mgando, na kuvaa soksi za pamba mpaka asubuhi. Anaposhinda kutwa kwenye biashara anavaa viatu vilivyofunika kisigino.

Hiyo yurea ndiyo inayofanya kile ambacho mafuta hayawezi. Inavuta maji na kulegeza ngozi iliyokomaa. Kwa ukavu wa kawaida krimu ya asilimia 10 inatosha. Kwa magaga mazito ulizia duka la dawa ya asilimia 20 hadi 25, ila usiipake ndani ya ufa unaotoa damu, itawasha. Ufa wa namna hiyo upewe kwanza mafuta ya mgando matupu, yasiyo na manukato, mpaka ufunge. Usilowekwe wala kusuguliwa kwa jiwe. Nyufa ndogo hulainika ndani ya wiki chache. Zilizoingia ndani huchukua muda zaidi, na kazi ikiachwa zinarudi, kwa sababu uzito wa mwili na kandambili vipo pale pale.

Kuna ukavu ambao si ukavu. Unyayo ukiwa na unga mweupe unaofuata mistari ya ngozi, ukiwasha, au ukiwa mmoja tu umebadilika na mwingine ni mzima, huenda ni fangasi, na inahitaji dawa ya fangasi. Viwiko na magoti yenye mabaka mazito yenye mipaka inayoonekana wazi na magamba yanayong'aa huenda ni soriasisi. Ikiwa umepaka kwa utaratibu huu mwezi mzima bila nafuu yoyote, nenda ukaonwe na mtaalamu wa ngozi.

Mwenye kisukari asiloweke miguu wala kutumia jiwe bila kushauriwa na mhudumu wa afya, kwa sababu anaweza kujichubua bila kuhisi. Apake mafuta kwenye kisigino, asipake katikati ya vidole, na akague nyayo kila siku. Ufa unaotoa usaha, uliovimba, au wenye ngozi ya moto kuuzunguka haungoji wiki iishe; ni wa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na kwa yeyote anayepaka usiku: vaa soksi kabla ya kukanyaga sakafu ya vigae, maana inateleza, na soksi au shuka zilizolowa mafuta haya zikae mbali na jiko la mkaa, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma. Kitambaa chenye mafuta haya kikishika moto kinawaka haraka kuliko kilicho safi, na kufuliwa mara moja hakuyamalizi yote.