Mgeni Ndani ya Akaunti ya Gemu

Aprili 2020, wakati watu wengi duniani walikuwa wamejifungia nyumbani kwa sababu ya korona, wachezaji wa Nintendo Switch walianza kuona manunuzi wasiyoyajua. Baadhi yao walikuta akaunti zao za PayPal zimetumika kununua sarafu za mchezo wa Fortnite. Tarehe 24 mwezi huo, Nintendo ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 160,000 zilikuwa zimeingiliwa. Juni ikaongeza nyingine 140,000, na jumla ikafika 300,000.

Nintendo ilieleza kwamba majina na nywila zilizotumika zilipatikana nje ya huduma zake. Mlango uliopitiwa ulikuwa utambulisho wa zamani, Nintendo Network ID, uliotengenezwa kwa ajili ya Wii U na 3DS. Wengi walikuwa wameshausahau, lakini bado ulikuwa umeunganishwa na akaunti yao mpya. Aliyetumia nywila moja pande zote mbili ndiye aliyekuwa hatarini zaidi, kwa kuwa mwizi aliweza kununua vitu kwa salio au kadi yake. Kampuni ikafunga kabisa njia hiyo ya kuingilia, ikawataka wateja wabadilishe nywila na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Wizi wa aina hii hauhitaji ufundi mkubwa. Tovuti moja ikivuja, orodha ya barua pepe na nywila zake husambazwa kwa wezi, nao huipa programu iijaribu kwenye huduma nyingine, akaunti moja baada ya nyingine. Nywila ndefu yenye alama na tarakimu haimsaidii mtu ikiwa ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia kwenye tovuti iliyovuja. Kinachomlinda ni nywila isiyotumika mahali pengine popote. Hakuna awezaye kukariri nywila thelathini, kwa hiyo kazi hiyo huachiwa programu ya kutunza nywila, ambayo huzibuni na kuzikumbuka. Anayetaka kujua kama barua pepe yake imo kwenye orodha zilizovuja anaweza kuiandika kwenye `haveibeenpwned.com`, huduma iliyoanzishwa na mtaalamu wa usalama Troy Hunt mwaka 2013.

Dalili za kuingiliwa mara nyingi hufika mapema kuliko hasara. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta linalomilikiwa na Valve, dalili ya kwanza huwa barua pepe yenye namba ya kuthibitisha ambayo mwenye akaunti hakuiomba. Wengi huifuta na kuendelea na shughuli zao. Kumbe mfumo hauitumi namba hiyo mpaka mtu aandike jina na nywila sahihi. Barua hiyo ina maana kwamba nywila imeshajulikana, na namba ile ndiyo kizuizi kilichobaki.

Dalili nyingine huonekana ndani ya akaunti: marafiki kulalamika kwamba wametumiwa linki za ajabu, saa za kucheza kuongezeka kwenye gemu ambayo mwenyewe hajaifungua, skini kupotea, au barua pepe na namba ya simu kubadilishwa.

Mwizi pia anaweza kuingia bila kuombwa nywila wala namba. Tuseme kijana wa Mombasa anayecheza Counter-Strike 2 amepakua programu ya kudanganya mchezo. Ndani yake kuna kirusi kinachonakili kumbukumbu za kuingia, zile zinazofanya kifaa kisiombe nywila kila siku. Mwizi akiziweka kwenye kompyuta yake, mfumo humwona kama ndiye kijana mwenyewe ambaye hajawahi kutoka. Hapo ndipo umuhimu wa kuondoa vifaa unapoonekana, kwa sababu kukiondoa kifaa kwenye akaunti huziua kumbukumbu hizo, kikalazimika kuanza upya kwa nywila na namba.

Kijana huyo afanye nini? Aanze kwa kutafuta kifaa safi, kama simu yake au kompyuta nyingine inayoaminika. Akibadilisha nywila kwenye kompyuta yenye kirusi, atakuwa amemkabidhi mwizi nywila mpya.

Kisha aende kwenye barua pepe kabla ya Steam, maana anayeishika barua pepe anaweza kuomba nywila ya kitu kingine chochote. Akitumia Gmail, abadilishe nywila, kisha afungue `myaccount.google.com/device-activity` na kuviondoa vifaa asivyovitambua. Halafu atazame mipangilio ya `Filters and Blocked Addresses` na ile ya `Forwarding and POP/IMAP`. Wezi wazoefu huweka humo amri ya kuzifuta au kuzipeleka kwao barua zinazotoka kwenye duka la gemu, na mwenye akaunti asione onyo lolote.

Baada ya hapo ndipo aingie Steam na kuweka nywila mpya isiyotumika kwingine. Ukurasa wa `store.steampowered.com/account/authorizeddevices` utamwonyesha kila kifaa chenye ruhusa. Ausome taratibu. Eneo linaloonyeshwa hukadiriwa kwa kufuata mtandao, kwa hiyo simu iliyoko Mombasa inaweza kuonekana iko Nairobi, na hilo peke yake si ushahidi wa wizi. Aina ya kifaa na siku kilipotumika mara ya mwisho husema kweli zaidi. Akiwa na shaka, aviondoe vyote. Gharama yake ni kuingia upya tu.

Bado kuna mlango mmoja ambao wengi huusahau. Steam humruhusu mtu kutengeneza ufunguo wa kuunganisha programu za nje na akaunti yake. Mwizi akiutengeneza, programu yake huweza kufuatilia mabadilishano ya vitu. Kijana anapotaka kumpa rafiki yake skini, programu hiyo hulifuta toleo la kwanza na kuleta jingine linalofanana, kutoka akaunti yenye jina na picha ya rafiki huyo. Kijana akibonyeza kuthibitisha kwenye simu, skini inaenda kwa mwizi. Ukurasa wa kukagua ni huu:

```
https://steamcommunity.com/dev/apikey
```

Ikiwa kuna ufunguo ambao hakuutengeneza, abonyeze `Revoke My Steam Web API Key`. Kila anapothibitisha mabadilishano, aangalie pia akaunti ya upande wa pili ilifunguliwa lini. Rafiki wa miaka mingi hawezi kuwa na akaunti ya wiki iliyopita.

Kompyuta iliyoambukizwa nayo isirudishwe kwenye akaunti kabla ya kusafishwa. Njia ya uhakika ni kuhifadhi picha na nyaraka, kisha kuweka Windows upya.

Mwenye akaunti aliyefungiwa nje kabisa aende `help.steampowered.com` kuripoti wizi, akiwa na uthibitisho wa umiliki kama vile risiti ya ununuzi au barua pepe iliyofungulia akaunti. Risiti hizo zitunzwe nje ya akaunti yenyewe. Kwa kawaida akaunti yenyewe hupatikana tena uthibitisho ukitosha, lakini skini zilizokwisha kuhamishwa ni suala jingine: kitengo cha msaada cha Steam hakina desturi ya kuzirudisha. Kwa hiyo, namba ambayo hukuiomba ikifika kwenye barua pepe yako leo, badilisha nywila na kagua vifaa leo hii hii.