Ukitaka ploti ya Kitengela ionekane mtandaoni, jibu swali la mnunuzi

Anayetaka kununua ardhi Kitengela siku hizi huanza na simu yake. Kabla hajaonana na wakala wala kupanda matatu ya Barabara ya Namanga kwenda kuona mawe ya mipaka, huandika maneno machache kwenye Google, kisha husoma kurasa mbili au tatu za kwanza. Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kurasa nyingi za ploti katika Kaunti ya Kajiado zimeandikwa kwa mtindo huu:

"Unatafuta ploti za kuuza Kitengela? Tuna ploti za kuuza Kitengela kwa bei nafuu. Ploti zetu za kuuza Kitengela ndizo ploti bora za kuuza Kitengela. Piga simu leo upate ploti za kuuza Kitengela, Isinya, Kisaju, Kajiado, Namanga, Ngong na Rongai."

Aya hiyo nimeitunga mwenyewe, lakini aliyewahi kutafuta ardhi huku ataitambua mara moja. Ina sentensi nne, na "kuuza Kitengela" imetokea mara tano. Hata hivyo, mnunuzi akimaliza kuisoma hajui ploti ni ya ukubwa gani, ina hatimiliki au haina, maji yanatoka wapi, wala ni umbali gani kutoka barabara ya lami. Kosa la aya hiyo ni kwamba neno limerudiwa mara tano bila kubeba habari yoyote.

Google yenyewe inauhesabu uandishi huu kuwa ulaghai. Kanuni zake zinataja wazi mambo mawili: kurudia maneno mpaka usomaji unakwaruza, na kupanga orodha ya majina ya miji ili ukurasa uonekane kwa kila mji. Aya yetu imeyafanya yote mawili. Tangu Aprili 2012, mabadiliko yaliyoitwa Penguin yalipoanza kuzishusha kurasa za aina hii, faida ya kurudiarudia imekuwa ikipungua. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo wa BERT, unaosoma neno pamoja na maneno yanayolizunguka, na kabla ya mwaka huo kwisha ukaenezwa katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo "ploti za kuuza Kitengela" na "ploti tunazouza mjini Kitengela" hazihitaji kuandikwa zote mbili ili zieleweke kuwa ni jambo moja.

Basi ukurasa ambao tayari upo urekebishwe vipi?

Kazi huanza kwa kujua wanunuzi wanaandika nini hasa. Mwenye tovuti anaweza kufungua Google Search Console, ambayo haina malipo, aingie kwenye ripoti ya Performance na kuchagua ukurasa mmoja tu. Ataona maneno ambayo watu waliandika ukurasa huo ukajitokeza, ulionekana mara ngapi, ulibonyezwa mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani. Kumbukumbu hizo huhifadhiwa kwa miezi 16. Tuseme ukurasa wetu wa mfano unaonyesha haya:

```
ploti za kuuza kitengela
ploti kitengela hatimiliki
50 by 100 kitengela
bei ya ploti kitengela
ploti namanga road
```

Hapo kuna makundi mawili ya kutazama. La kwanza ni maneno ambayo tayari yanaleta watu. Hayo yaandike pembeni kabla hujafuta chochote, kwa sababu mara nyingi anayesafisha ukurasa uliojaa marudio huondoa pia sentensi moja iliyokuwa ikimletea wateja. La pili ni maneno ambayo ukurasa unaonekana kwayo mara nyingi lakini haubonyezwi, au unakaa nafasi ya nane hadi ya ishirini. Aghalabu hayo ni maswali ambayo ukurasa umeyagusa bila kuyajibu. Tovuti ikiwa changa na ripoti haina kitu, anza kuandika "ploti kitengela" kwenye kisanduku cha Google na utazame mapendekezo yanayojitokeza chini yake. Kisha fungua jumbe za wateja kwenye WhatsApp uone huuliza nini kabla ya kuja kuona ardhi.

Ukiitazama orodha ile vizuri utaona kwamba kila mstari ni swali lililofupishwa. Anayeandika "ploti kitengela hatimiliki" anauliza kama karatasi ziko tayari. Anayeandika "50 by 100" anauliza ukubwa. Mwandishi akiandika sentensi inayojibu swali, neno linaingia bila kusukumwa, kwa kuwa huwezi kueleza habari za hatimiliki bila kuitaja hatimiliki. Akilichomeka neno mahali pasipo na jibu, msomaji hukwama hapo hapo.

Tuchukue ukubwa. Ploti ya kawaida ya Kitengela ni futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Wauzaji wengi huiita `eighth acre`, na wanunuzi wengi huandika hivyo hivyo, ingawa sehemu ya nane kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Anayerundika maneno ataandika vipimo vyote viwili kana kwamba ni kimoja, na mnunuzi makini atakuja na swali gumu siku ya kupima. Sentensi ya kweli inayabeba maneno yote mawili kwa urahisi: "Kila ploti ni futi 50 kwa 100. Wengi huita kipimo hiki `eighth acre`, lakini ni kidogo kuliko sehemu ya nane kamili ya ekari kwa futi za mraba 445." Mnunuzi amepata habari ambayo kurasa nyingine hazimpi, na maneno anayoyatafuta yamo.

Sasa aya nzima ya mwanzo inaweza kuandikwa upya. Tuchukulie kwamba ardhi iko Korompoi na kwamba mwenye ploti amethibitisha kila jambo linalotajwa hapa:

"Tunauza ploti Kitengela, katika eneo la Korompoi. Kila moja ni futi 50 kwa 100 na ina hatimiliki yake, ambayo unaweza kuithibitisha katika sajili ya ardhi mjini Kajiado kabla ya kulipa chochote. Stima imefika, na maji ni ya kisima cha pamoja. Bei na mpango wa kulipa kidogo kidogo viko chini ya ukurasa huu."

Kitengela imetajwa mara moja, kadhalika hatimiliki. Maneno manne kati ya matano ya orodha yetu yamepata jibu au yameelekezwa kwenye jibu. La tano, la Barabara ya Namanga, limeachwa kwa makusudi mpaka mwenye ploti aeleze njia ya kufika kutoka barabara hiyo. Jibu hilo litakaa vizuri zaidi chini ya kichwa kidogo cha "Namna ya kufika".

Baada ya aya, tazama mahali ambapo neno lina uzito zaidi kuliko kwingine. Jina la ukurasa, ambalo ndilo mara nyingi huonekana kama kiungo kwenye matokeo, libebe neno kuu mara moja pamoja na habari moja au mbili za kumtofautisha muuzaji. Maelezo mafupi ya ukurasa hayapandishi nafasi, lakini yanaweza kuonyeshwa chini ya kiungo, kwa hiyo mwandikie binadamu anayeamua abonyeze au apite:

```html
<title>Ploti za kuuza Kitengela, 50 kwa 100, zenye hatimiliki</title>
<meta name="description" content="Ploti za Korompoi: bei, maji, stima na njia ya kufika.">
```

Kichwa kikuu ndani ya ukurasa kinaweza kusema jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Maelezo ya picha yaseme picha inaonyesha nini, kwa mfano "Mawe ya mipaka kwenye ploti ya Korompoi". Yasiwe pahali pa kuficha orodha ya maneno. Ule mstari wa `meta keywords` ambao bado unajazwa majina ya miji uache kabisa, kwani Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiutumii katika kupanga matokeo.

Kuna tatizo lingine la waandishi wa Kiswahili. Mtu akitafuta huacha viunganishi, halafu mwandishi hunakili alichokiona: "Tuna ploti Kitengela hatimiliki." Wengine huchomeka Kiingereza kizima katikati: "Tuna `plots for sale in kitengela` kwa bei nafuu." Andika Kiswahili kamili, "ploti za Kitengela zenye hatimiliki". Kama wateja wako wengi hutafuta kwa Kiingereza, na Kenya wako wengi, watengenezee ukurasa wao kamili wa Kiingereza na uziunganishe kurasa hizo mbili kwa alama ya `hreflang`. Ukurasa mmoja unaochanganya lugha mbili kwa ajili ya mtambo humchosha msomaji wa kila lugha.

Jambo linalowaponza wauzaji wengi zaidi ni jina la mahali. Ploti iko Kisaju, lakini kwa kuwa wanaotafuta Kitengela ni wengi, ukurasa unasema Kitengela. Mnunuzi anashuka mjini Kitengela, anapandishwa gari lingine kuelekea Isinya, na imani inakwisha kabla hajaona jiwe la kwanza. Neno hilo linaweza kutumika kwa haki: "Ploti hizi ziko Kisaju, kwenye Barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela kuelekea Isinya." Jina la Kitengela limo, na hakuna aliyedanganywa.

Vivyo hivyo kwa kurasa zilizonakiliwa na kubadilishwa jina la mji tu. Google inazikataza, na hata isingezikataza zingejifichua zenyewe. Ukurasa wa Kitengela ukinakiliwa kuwa wa Ngong, utamwambia mnunuzi afuate Barabara ya Namanga ambayo haifiki Ngong, na athibitishe hatimiliki mjini Kajiado ilhali Ngong ina sajili yake. Kama huna habari za Ngong, usiandike ukurasa wa Ngong.

Ukimaliza, soma ukurasa kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, rekebisha. Kisha bonyeza Ctrl+F, tafuta neno kuu, na ukague kila lilipotokea: ukiifuta sentensi hiyo, msomaji atapoteza nini? Kama hapotezi kitu, ifute. Usisumbuke kutafuta asilimia maalumu ya marudio, kwa maana Google haijaweka kiwango chochote cha kulenga. Anwani ya ukurasa usiibadilishe bila sababu. Andika tarehe ya marekebisho, omba ukurasa usomwe upya kupitia URL Inspection, na baada ya siku 28 linganisha na siku 28 za kabla. Rekebisha ukurasa mmoja kwanza, ili ukipanda au kushuka ujue sababu yake.

Marekebisho haya hayatafanya ukurasa mdogo uzipiku tovuti kubwa za matangazo kwa neno pana kama "ploti Kitengela". Nguvu yake huonekana kwenye maswali mahususi, ya Korompoi, ya maji, ya hatimiliki, ambako walioandika jibu kamili ni wachache. Kwa hiyo msikilize anayepiga simu. Akiuliza tena jambo ambalo ukurasa ulipaswa kumweleza, jibu unalompa kwa mdomo ndilo sentensi inayokosekana. Liandike kama ulivyolisema, kwa maneno aliyoyatumia yeye kuuliza.