Barua ya kuomba karadha ya kodi

Tuchukue mfano wa karani wa duka la jumla Kariakoo anayepokea 516,000 mkononi. Amepata chumba na sebule Tabata kwa 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu pamoja na amana ya mwezi mmoja, yaani 600,000, kabla ya Ijumaa. Chumba amekipata kupitia jirani, hivyo hadaiwi hela ya dalali. Mfukoni ana 300,000.

Zilizobaki anaziomba kazini. Barua nyingi za namna hii hujaa shida za mwombaji, halafu hazisemi fedha zitarudi vipi, na hapo ndipo mhasibu anapokwama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya deni bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Kwa hiyo barua iombe fedha na papo hapo itoe kibali cha kukatwa.

Mwajiri halazimiki kukopesha, ndiyo maana barua fupi yenye hesabu kamili ina nafasi nzuri zaidi. Iandikwe kwa meneja, K.K. msimamizi wake wa kazi, na chini ya "YAH: MAOMBI YA KARADHA YA MSHAHARA" iseme hivi:

"Naomba karadha ya shilingi 300,000 ili nikamilishe kodi na amana ya nyumba, ambayo mwisho wa kulipa ni Ijumaa, tarehe 12 Juni. Nakubali kukatwa shilingi 100,000 katika mshahara wa Juni, Julai na Agosti. Naambatanisha nakala ya rasimu ya mkataba wa pango."

Rasimu hiyo ina uzito, kwa kuwa inaonyesha kiasi na tarehe bila mwombaji kujieleza sana.

Idadi ya miezi ndiyo ya kufikiriwa kwa makini. Akikatwa zote kwa mkupuo, Juni atabaki na 216,000, na huenda Julai akarudi kuomba tena. Akikatwa 100,000, anabaki na 416,000. Lakini kodi aliyolipa inaisha mapema Septemba, na mwenye nyumba atataka 450,000 nyingine. Kwa hiyo kila mwezi atenge 150,000, na chakula, nauli na umeme vitoke kwenye 266,000. Akiona haitoshi, aombe makato ya miezi minne ya 75,000 tangu mwanzo. Kubadilisha masharti akiwa ameshachukua fedha ni kugumu zaidi.

Barua ifike kabla mhasibu hajafunga hesabu za mishahara, na jibu lidaiwe kwa maandishi hata kama meneja amekubali kwa mdomo. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Salari slipu ya Septemba ikionyesha bado anakatwa, nakala hiyo ndiyo atakayomwonyesha mhasibu.