Kabla karani hajabandika fomu ya mkopo

Msimu wa bonasi ya chai unapokaribia, ofisi za Sacco kuanzia Kisii mjini na Keroka hadi Nyamira hujaa watu tangu asubuhi. Mkulima anataka kukopa kwa kutegemea bonasi, mwingine amekuja kuuliza mbona amekatwa zaidi, na nyuma ya dirisha karani ana barua za kuwakumbusha wanachama waliochelewesha malipo, kumbukumbu za kikao cha bodi na jedwali la kilo ambalo meneja analitaka kabla ya jioni. Simu yake ina ChatGPT au Gemini. Ananakili, anabandika, na kazi iliyokuwa imle saa mbili inakwisha upesi. Sioni sababu ya kumlaumu. Wa kuulizwa ni bodi ambayo haijamwambia nini kibandikwe na nini kisibandikwe.

Ofisi nyingi zinapoamua kuandika kanuni, huishia kwenye sentensi moja: ni marufuku kubandika taarifa za siri. Sentensi hiyo haimsaidii karani hata kidogo. Kwake namba ya simu ya mkulima si siri. Imo katika daftari la kila mchuuzi sokoni. Deni la mkulima nalo limetajwa mbele ya foleni nzima. Kanuni inayofuatwa huandikwa kwa kutoa karatasi zenyewe kabatini, kuzitandaza mezani na kuzipitia mstari kwa mstari pamoja na wanaozijaza kila siku.

Anzeni na fomu ya mkopo. Ina jina, namba ya kitambulisho, simu, namba ya mkulima, kituo anakopeleka majani, mshahara kama ameajiriwa, hatimiliki ya shamba, jina la mume au mke, na wadhamini. Mameneja wengi hudhani data nyeti ni habari za ugonjwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 2, inataja pia maelezo ya mali, hali ya ndoa, na habari za familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi. Ukiisoma fomu ya mkopo kwa jicho hilo, sehemu yake kubwa ni data nyeti. Kifungu cha 49 kinasema data ya aina hiyo ikichakatwa nje ya Kenya, lazima mwenyewe awe ameridhia na pawe na ulinzi wa kutosha. Kampuni zenye programu hizi ni za Marekani, kwa hiyo ofisi ichukulie kwamba kilichobandikwa kimevuka mpaka. Mwanachama aliyetia sahihi ili apate mkopo hakuridhia safari hiyo, na mdhamini wake hata hakuulizwa.

Hapo ndipo karani hujibu kwamba yeye hufuta jina kwanza. Tuchukue mfano. Anataka barua ya kumkumbusha mwanachama, na anabandika hivi: mjane, mwalimu mstaafu, hupeleka chai kituo fulani, mwaka huu ameuza kilo 9,400, amechelewa miezi minne, mdhamini wake ni chifu wa zamani. Jina halimo. Lakini kituo cha kununulia chai huhudumia watu wa kilima kimoja, wanaojuana kwa koo na kwa mashamba. Mtu yeyote wa hapo akiyasoma maelezo hayo atamtaja mama huyo kabla hajafika mwisho wa mstari. Huku kwetu kituo, kazi ya zamani na mdhamini vikikaa pamoja vinamtambulisha mtu sawa na kitambulisho chake.

Kwa hiyo kanuni itaje visanduku vya fomu kwa majina yake: jina, kitambulisho, simu, namba ya mkulima, kituo, kijiji, wadhamini, familia, shamba, afya. Hivyo havibandikwi, kimoja kimoja wala kwa pamoja. Kisha, na hapa ndipo kanuni nyingi hushindwa, imwonyeshe karani namna ya kuipata barua yake bila hivyo. Aandike tu: nitungie barua ya heshima ya kumkumbusha mwanachama kuwa amechelewesha malipo kwa miezi [IDADI], deni ni [KIASI], mwalike ofisini tuzungumze. Barua ikija, mabano yanajazwa kwenye kompyuta ya ofisi. Ni barua ileile, na hakuna lolote la mama huyo lililotoka nje.

Jedwali la kilo lina mtego wake. Karani huficha safu ya majina katika Excel, kisha anapakia faili zima akiamini majina hayamo. Yamo. Safu iliyofichwa husafiri pamoja na faili, na programu huisoma kama nyingine yoyote. Anachohitaji karani ni fomula, na fomula haihitaji data ya mtu. Anaweza kueleza kwamba safu ya B ina vituo, safu ya D ina kilo, naye anataka jumla ya kituo kimoja. Atapewa kitu kama hiki, akitumie mwenyewe:

```
=SUMIF(B:B,"Kituo A",D:D)
```

Kupiga marufuku moja kwa moja kunavutia, na kampuni kubwa zimefanya hivyo. Samsung ilizuia matumizi ya programu hizi Mei 2023 baada ya wafanyakazi wake kubandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT. Lakini Sacco ya mashambani haina mitambo ya kusimamia simu za wafanyakazi. Ukifunga kompyuta ya ofisi, kazi itahamia kwenye simu ya mtu binafsi, ambako huoni kitu, na siku akiacha kazi anaondoka na mazungumzo yote. Afadhali akaunti moja ya ofisi, huku swichi ya "Improve the model for everyone" ikiwa imezimwa kwenye mipangilio. Hata hivyo, wafanyakazi waelezwe kwamba swichi hiyo huzuia maneno yao kutumika kuifunza programu, haizuii yasihifadhiwe. Kufuta nako si dawa kamili. Mei 2025 mahakama ya Marekani iliiamuru OpenAI, kwa ajili ya kesi ya gazeti la New York Times, ihifadhi hata mazungumzo ambayo watumiaji walikuwa wamefuta.

Kipengele ninachokipigania kuliko vyote ni cha mtu aliyekwisha kubandika. Kifungu cha 43 kinaipa ofisi inayosimamia data saa 72 tangu ijue kwamba data imevuja, iwe imemwarifu Kamishna wa Data iwapo watu waliohusika wanaweza kudhurika. Ofisi ikijua Ijumaa saa kumi na moja jioni, muda unakwisha Jumatatu saa kumi na moja jioni, na ofisi imefungwa siku mbili katikati. Karani anayeogopa kufutwa kazi atanyamaza hadi Jumanne. Sheria inaruhusu faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Septemba 2023 Kamishna Immaculate Kassait aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, Sh2,975,000 kwa namna ilivyotumia namba za watu.

Basi kipengele kiseme wazi: anayeripoti siku hiyohiyo haadhibiwi kwa kukosea, anayeficha ataadhibiwa. Anaporipoti aandike kilichobandikwa, ni cha wanachama wangapi, kwa akaunti gani na saa ngapi, kisha afute mazungumzo hayo, asianze kwa kufuta. Na kanuni itaje cheo cha atakayepigiwa simu wikendi, pamoja na cha atakayeshika nafasi yake akiwa hapatikani.